Kabla ya Kulaumu Uchafu, Tazama Kipini

Wadogo zangu mnaoingia katika kazi ya kutoga masikio, nimewaona tena mkirudia jambo lilelile. Mteja anarudi na ndewe nyekundu inayochuruzika, nanyi kabla hata ya kunawa mikono na kuitazama mnatangaza kwamba kidonda kimeingia uchafu, mnamwandikia spiriti na kumwagiza azungushe kipini asubuhi na jioni. Mara nyingi tatizo si uchafu hata kidogo. Tatizo ni madini ya kipini mlichokiweka wenyewe, au ufupi wa mti wake unaopita tunduni, na spiriti inazidisha yote mawili.

La kwanza, basi, ni kujifunza kutofautisha, na hapa nitawasimulia kisa kimoja kwa urefu.

Katika saluni moja ya Kariakoo nilikowahi kufanya kazi, mama mmoja alimleta binti yake wa miaka 13 pamoja na vipini vya rangi ya dhahabu alivyovinunua mwenyewe. Kijana aliyekuwa zamu alivigusisha sumaku, vikakataa kunata, naye akaridhika kwamba ni salama. Alitoboa vizuri kwa sindano mpya, mashimo yakakaa sawasawa, kisha akasukuma vipepeo, yaani vibanio vya nyuma ya sikio, hadi karibu kabisa na ngozi ili vipini visidondoke. Siku ya tatu binti alianza kuwashwa. Akaambiwa apake spiriti. Siku ya sita masikio yote mawili yalikuwa yakitoa maji mepesi yasiyo na rangi, na ngozi ilikuwa na vipele vilivyojipanga kwa duara kulizunguka pambo. Akaambiwa aongeze spiriti na asisahau kuzungusha. Siku ya kumi alirudi akilia, kwa kuwa ndewe zilikuwa zimevimba na vichwa vya vipini vimeanza kuzama ndani ya nyama.

Tazameni dalili zilivyokuwa zikisema tangu mwanzo. Muwasho ulitangulia maumivu. Masikio yote mawili yaliugua kwa pamoja na kwa kiasi kilekile, jambo ambalo uambukizo haulifanyi mara nyingi. Majimaji yalikuwa mepesi, si usaha, na vipele vilifuata umbo la pambo. Nilipomuuliza mama kama binti amewahi kusumbuliwa na mkufu au bizimu ya mkanda, alijibu mara moja kwamba mkufu wa bei rahisi ulimtoa vipele shingoni mwaka uliopita. Huo ndio mzio wa nikeli, na daktari wa ngozi tuliyempeleka kwake alithibitisha. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa nikeli huanza kuwashwa baada ya siku moja hadi tatu tangu iiguse ngozi. Swali lile lingeulizwa kabla ya kutoboa, binti asingeumia.

Vipini vile vilikuwa vya kuchovya: shaba ndani, tabaka la nikeli juu yake, na utando mwembamba wa dhahabu kwa nje. Utando huo hukwaruzika upesi, hasa kipini kinapozungushwa, na majimaji ya kidonda pamoja na jasho la joto letu la Dar es Salaam, ambalo lina chumvi, huiyeyusha nikeli kidogo kidogo na kuipeleka moja kwa moja ndani ya nyama mbichi. Sumaku haikuweza kumwonya yule kijana, kwa sababu shaba hainati, na hata chuma cha pua cha aina ya 316L hakinati kwa kawaida ingawa kina nikeli ya takriban asilimia 10 hadi 14. Nikeli ya chuma hicho imeshikwa vizuri na hutoka kwa uchache, ndiyo maana wengi hawadhuriki nacho, lakini mwenye mzio msimpe. Ulaya huruhusu kipini cha tundu kitoe nikeli isiyozidi mikrogramu 0.2 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, na kipini kisicho na karatasi yoyote kutoka kwa mtengenezaji hakiwezi kuwaambia kinatoa kiasi gani.

Kwa tundu la kwanza, chagueni titani ya kupandikizwa mwilini, ambayo karatasi yake huandikwa ASTM F136 au ISO 5832-3. Dhahabu halisi ya karati 14 au 18 isiyo na nikeli inafaa pia, ila dhahabu nyeupe iulizwe kwanza, kwa kuwa baadhi yake huchanganywa na nikeli. Dhahabu ya karati 22 ambayo bibi amempa mjukuu ni laini na hukwaruzika, kwa hiyo ingoje tundu lipone. Fedha nayo ingoje, kwa sababu huingia weusi ndani ya kidonda.

La pili ni urefu. Ndewe ya yule binti ilikuwa na unene wa milimita 5, na nafasi baina ya kichwa na kipepeo ilikuwa milimita 6 tu. Ndewe mpya huvimba, na milimita moja haitoshi. Mti wa milimita 8 ungemwachia nafasi ya kupumua. Pimeni ndewe kwa kalipa kila mara, tena zote mbili, na tumieni kipini chenye mgongo bapa badala ya kipepeo, ambacho hukusanya uchafu katika mikunjo yake na humshawishi mteja kukibana.

Kwa kuwa vipepeo vyake vilikuwa bado vinaonekana, tulilainisha magamba kwa maji ya chumvi, tukavitoa, na tukaingiza titani yenye mti wa milimita 10 ili mashimo yasizibe. Laiti ngozi ingekuwa imekwisha kufunika kipepeo, kazi hiyo ingekuwa ya hospitali, si yetu. Spiriti ilikoma siku hiyohiyo, daktari akampa mafuta ya kutuliza ngozi ya kupaka pembeni, na uvimbe ukashuka wiki hiyo.

Matunzo yenyewe ni mafupi kuliko mnavyoyafanya. Mteja anawe mikono, amwagie maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yanayouzwa duka la dawa, mara mbili kwa siku, kisha akaushe kwa karatasi safi. Akikosa, robo kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 250 za maji yaliyochemka na kupoa yatafaa. Kuzidisha chumvi kunaikausha ngozi. Asizungushe. Dawa ya kulainisha nywele na rasta za kubana pembeni zisubiri, na ushungi uvuliwe taratibu usije ukanasa. Ndewe hupona kwa wiki 6 hadi 8, gegedu kwa miezi 6 hadi 12.

Uambukizo wa kweli nao upo. Sikio, mara nyingi moja, hupata moto, hupwita, hutoa usaha mzito wa njano au kijani, na wekundu husambaa. Huyo mpelekeni kwa daktari siku hiyo, naye asikivue kipini mwenyewe, kwa sababu tundu likiziba usaha hubaki ndani. Ikiwa ni gegedu, msingoje hata kesho, maana gegedu likioza sikio hupoteza umbo lake.

Na kabla ya sindano, ulizeni kama katika ukoo kuna mtu ambaye kovu lake huota nyama. Uvimbe mgumu unaokua kupita mipaka ya tundu, miezi kadhaa baada ya kupona, hautokani na kipini na haubadiliki kwa kubadili madini. Mpelekeni mwenye nao kwa daktari wa ngozi ungali mdogo kama punje ya mchele, na tundu la pili msimtoboe.