Siku sita au siku nne: hesabu zamu za msuli kabla ya kubadili ratiba

Ukishanyanyua vyuma kwa mpangilio mwaka mmoja au zaidi, kile kipindi cha kuongeza uzito kila wiki kinakwisha. Benchi presi inakwama mwezi mzima, na wenzako jimu wanaanza kukushauri: ongeza siku, hamia kwenye sukuma-vuta-miguu, siku sita kwa wiki. Kama umeingia ngazi hiyo na unachotaka ni kila msuli upate zamu nyingi zaidi kwa wiki, kaa kwanza na kalamu. Ushauri huo mara nyingi haukupi hicho unachokitafuta.

Andika ratiba mbili. Ya siku nne, yaani juu-chini: Jumatatu mwili wa juu, Jumanne mwili wa chini, Alhamisi juu, Ijumaa chini. Ya siku sita: Jumatatu kusukuma, yaani kifua, mabega na trisepsi, Jumanne kuvuta, yaani mgongo na bisepsi, Jumatano miguu, halafu mzunguko unarudiwa Alhamisi mpaka Jumamosi. Sasa hesabu kifua. Kwenye siku nne kinafanya kazi mara mbili, kwenye siku sita mara mbili. Mgongo hivyo hivyo, miguu hivyo hivyo. Umeongeza siku mbili jimu na hakuna msuli uliopata zamu ya ziada. Ukitazama vizuri, siku ya miguu ndiyo ile ile siku ya chini. Kilichobadilika ni kwamba siku ya juu imekatwa vipande viwili.

Kukata huko kuna faida yake, lakini ijue ni faida gani. Chukua mfano wa kijana anayepiga benchi kilo 80 mara 8 na skwati kilo 110 mara 6. Kwa wiki anafanya seti 12 za kifua, 12 za mgongo, na 6 kila moja kwa mabega, bisepsi na trisepsi. Kwenye ratiba ya siku nne, siku yake ya juu inakuwa na seti 21. Akipumzika dakika tatu kwenye seti nzito na dakika moja na nusu kwenye zile ndogo, ukiweka na kupasha mwili, anatoka baada ya saa moja na robo hivi. Akihamia siku sita, siku ya kusukuma ina seti 12 na ya kuvuta ina seti 9; kila moja inaisha ndani ya dakika 40 hadi 50. Seti za wiki ni zile zile. Amenunua vipindi vifupi, na bei yake ni safari mbili zaidi.

Wengi hudhani kipindi kifupi kitaokoa trisepsi, kwa kuwa kwenye siku ya juu zinafika mwisho zikiwa zimechoka. Haziokoki, maana hata kwenye siku ya kusukuma zinakuja baada ya benchi. Kinachonufaika ni lile zoezi kubwa la pili, yaani mgongo unaofuata baada ya kifua. Hilo unaweza kulipima kwenye daftari lako. Tuseme ukianza na kuvuta chuma kifuani kwa kilo 70 unapata 10, 10, 9, 9, na ukikifanya baada ya benchi unapata 10, 9, 9, 8. Pengo hilo ni dogo, halihitaji ratiba mpya. Inatosha siku moja ya juu ianze na benchi na nyingine ianze na mgongo. Au zipokezane: seti ya benchi, pumzika dakika moja na nusu, seti ya mgongo, pumzika tena. Misuli haigombani, na kipindi kinapungua kwa dakika nyingi. Lakini ukiona unashuka marudio matatu au manne kila seti, hapo siku yako ya juu imejaa kupita kiasi, na kuikata kuna maana.

Mimi huwaambia watu wafikirie siku sita katika hali mbili. Ya kwanza ni pale seti za kifua na za mgongo zinapopita 16 kila moja kwa wiki, maana siku ya juu inapita seti 25 na zile za mwisho zinakuwa za kumaliza tu. Ya pili ni mtu mwenye dakika 45 tu kabla ya kazi, lakini anazo kila siku bila kukosa.

Hilo la kukosa ndilo linalovunja ratiba za wengi. Foleni, zamu ya usiku, mgonjwa nyumbani, siku moja inapotea. Ukiwa kwenye sukuma-vuta-miguu na ukafika siku tano tu, kila msuli unapata wastani wa mara 1.67 kwa wiki. Ukifika nne, ni 1.33. Yule wa juu-chini akifika siku nne anapata 2, na akifika tatu tu bado ana 1.5. Maana yake ni kwamba siku tatu za juu-chini zinakupa zamu nyingi kuliko siku nne za ile nyingine. Kwa hiyo usiangalie ratiba inayopendeza kwenye karatasi. Angalia daftari la miezi miwili iliyopita, uone ulifika jimu siku ngapi kwa wiki kweli. Na ratiba yoyote utakayochagua, usiifunge kwenye majina ya siku. Ukikosa miguu Jumamosi, unaporudi anza na miguu, usiruke kwenda kusukuma. Vinginevyo miguu ndiyo itakayoachwa kila mara.

Kuna pia viungo vya kufikiria. Kwenye siku sita, kiwiko kinabeba mzigo siku nne: mbili za kusukuma na mbili za kuvuta. Kwenye siku nne kinabeba mbili, tena kinapata siku mbili au tatu za kupoa katikati. Kiuno nacho: ukiweka dedilifti siku ya kuvuta, kesho yake unakuja kupiga skwati na kiuno ambacho hakijapona. Hamishia dedilifti siku ya miguu, na siku ya kuvuta tumia kuvuta ukiwa umeegemeza kifua kwenye benchi, au kuvuta kebo kutoka juu.

Je, kama bado unataka zaidi ya mara mbili? Mapitio ya tafiti ya Brad Schoenfeld na wenzake ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa mara mbili kwa wiki inakuza msuli kuliko mara moja. Mapitio yao ya 2019 yakaonyesha kwamba seti za wiki zikiwa sawa, kuongeza zamu hakuleti tofauti kubwa. Zamu ya tatu basi ni njia ya kugawa seti ili kila moja ifanywe ukiwa na nguvu. Ukiitaka, njia yake ni juu-chini ya siku tano: juu, chini, juu, chini, juu, na wiki inayofuata uanze na chini. Wastani wake ni mara 2.5. Zile seti 12 za kifua zinagawanywa 4, 4, 4 kwenye wiki ya juu tatu. Kosa la kawaida ni kuacha 6, 6, 6, ambazo ni 18, halafu mtu anashangaa kiwiko kinauma tangu kwenye chuma kitupu cha kupashia mwili. Wiki ya juu mbili fanya 6 na 6. Ikitokea benchi imeshuka marudio kwa uzito ule ule vipindi viwili mfululizo, punguza seti moja kwenye kila siku ya juu kabla hujagusa kitu kingine chochote.