Taa ya tyubu inayopepesa: stata, choki au tyubu?

"Taa ya futi nne dukani kwangu Kirumba inawaka na kuzima mfululizo. Nimebadilisha stata, bado. Ninunue choki?"

Usinunue choki kwanza, ndugu yangu. Stata ina kazi ya kuwasha tu, na taa ikishawaka haihitajiki tena. Kwa hiyo subiri tyubu iwake, kisha zungusha stata robo duara kinyume cha saa uichomoe, ukishika plastiki yake pekee na bila kuingiza kidole kwenye tundu lake. Taa ikiendelea kuwaka imara, stata hiyo ni mbovu hata kama ni mpya, na mpya mbovu si ajabu. Ikizimika, kosa liko kwingine.

Hapo zima swichi kuu, hamishia tyubu kwenye fremu nyingine inayofanya kazi vizuri. Mwezi uliopita nilifanya hivyo kwenye saluni moja Igoma: tyubu, iliyokuwa nyeusi ncha zote kama sufuria ya kuni, ilipepesa huko vilevile, na mpya ilimaliza shida. Tyubu iliyochoka hudai volti nyingi zaidi kuendelea kuwaka, ndiyo maana stata hujirudia kuiwasha.

Ikiwaka vizuri kwenye fremu ya pili, kaza kwanza vishikio na nyaya za fremu yako, umeme ukiwa umezimwa. Zikiwa imara, sasa shuku choki, hasa ikinguruma au ikinuka kuungua. Fremu isiyo na stata haipimwi hivi.