Tangazo refu, posti fupi: maswali na majibu

Nina tangazo la warsha, karibu maneno 160. Nimeambiwa nilifupishe liingie X. Nikate wapi kwanza?

Usikate. Ukianza kukata utabaki na tangazo lilelile lililokonda, bado linaanza na "Kamati ya Maandalizi, kwa furaha kubwa, inapenda kuwatangazia wanachama wote na umma kwa jumla". Liweke pembeni, chukua karatasi tupu, uandike majibu ya maswali ambayo mtu angekuuliza mkikutana njiani: kuna nini, nitapata nini, lini, wapi, bei gani, nafanyaje nikitaka kuja. Basi. Kisha rudi kwenye tangazo lako kuhakikisha hukukosea tarehe.

Nimesoma ulilotuma. Ni warsha ya kupiga picha kwa simu. Tarehe ipo mstari wa saba, neno "bure" lipo mwisho kabisa, na jambo tamu kuliko yote, kwamba watu watafundishwa kupiga picha ndani ya nyumba kwa mwanga wa dirisha tu, limezikwa katikati ya aya ya malengo. Mimi ningeandika hivi:

*Picha za simu yako zinatoka na giza? Njoo nayo ujifunze kupiga picha kwa mwanga wa dirisha, bila flashi.*
*Jumamosi 14 Novemba, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana.*
*Ukumbi wa maktaba, ghorofa ya 2. Bure, nafasi 30.*
*Mwisho wa kujiandikisha 11 Novemba:* (na kiungo hapo)

Akaunti ya kawaida ya X inakubali herufi 280, nafasi za wazi zikiwemo, na kiungo chochote, kirefu kwa kifupi, huhesabiwa kuwa herufi 23. Posti hii, pamoja na kiungo, inafika 268. Zile 12 zilizobaki ziache zibaki. Ukijaza kila nafasi, siku mwenyekiti akitaka neno moja liongezwe utalazimika kuvunja sentensi nzima.

Angalia pia vilivyotoka: malengo, historia ya warsha zilizopita, ratiba ya chai, "nyote mnakaribishwa". Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomfanya mtu aamue kuja au asije. Vyote vikae kwenye ukurasa ambao kiungo kinaelekea.

Nianze na swali la kuvutia au nianze na tarehe?

Inategemea msomaji anakujua au hakujui. Warsha yako inawatafuta watu wasiokuwa na habari nayo, kwa hiyo kwanza waguse panapouma: picha zenye giza. Lakini mkutano mkuu wa mwaka wa wanachama hauhitaji swali la kuvutia. Wanachama wanajua ni nini, wanachotafuta ni siku. Hapo tarehe iwe ya kwanza.

Ila swali la ufunguzi liwe ambalo mtu anaweza kujibu "ndiyo, mimi" bila kufikiri. "Je, unapenda kukuza ujuzi wako?" halimgusi mtu yeyote.

Saa niandike vipi? Niliandika 9:00 na watu wawili wakaja saa tisa mchana.

Hawakukosea. Kwetu 9:00 inasomeka saa tisa, na kwa aliyezoea saa za ofisini ni saa tatu asubuhi. Tarakimu zile zile, tofauti ya saa sita. Andika *saa 3 asubuhi*, neno la kipindi likiwemo siku zote, hata kama unaona linakula herufi. Hizo herufi nane ni za lazima. Ikiwa wasomaji wako wamechanganyika, au fomu ya kujiandikisha inaonyesha 09:00 yenyewe, weka zote mbili kwa ukamilifu: *saa 3 asubuhi (09:00)*. Usichanganye nusu nusu kama "9:00 asubuhi", maana wapo watakaobaki wanajiuliza.

Usiku ndio mgumu zaidi. "Jumamosi saa 6 usiku" ni usiku upi, wa kuamkia Jumamosi au wa kuamkia Jumapili? Na "usiku wa Ijumaa" kwa wengine ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, kwa kuwa siku kwao huanza jua likizama. Andika *usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili* na hutapigiwa simu.

Na "kesho" ifute kabisa. Posti hazimfikii kila mtu kwa mpangilio wa saa zilipotoka. Niliwahi kuandika "tukutane kesho", na mtu mmoja akaiona siku ya shughuli yenyewe. Alifika siku iliyofuata, amevaa vizuri, akamkuta mlinzi anafagia. Taja siku na tarehe pamoja, halafu fungua kalenda uhakikishe zinapatana. Tangazo lililonakiliwa kutoka la mwaka jana mara nyingi hubaki na siku ya mwaka jana.

Tuna bango zuri lenye kila kitu. Nikiliweka bila maneno haitoshi?

Haitoshi. Bango lilitengenezwa kwa ukuta, na kwenye simu linakuwa dogo kuliko kiganja. Lifungue kwenye simu yako, nyoosha mkono, jaribu kusoma ukumbi. Ukishindwa, hakuna atakayesoma, kwa sababu anayeperuzi hasimami kukuza picha. Zaidi ya hapo, namba ya simu iliyo ndani ya picha ni vigumu kuinakili, na asiyeona, anayetumia programu ya kusomewa skrini, anaweza kupita bila kujua kuna tangazo.

Kwenye picha acha vitu vitatu: jina la shughuli, tarehe, mahali. Mengine yaandike kama maneno ya posti, kisha jaza ile sehemu ya maelezo ya picha kwa wasioona. X inakupa herufi 1,000 pale, na karibu hakuna anayezitumia. Kwa Instagram kumbuka kwamba kiungo ukikiweka kwenye maelezo chini ya picha hakibonyezeki, kwa hiyo kiweke kwenye wasifu na useme kipo huko.

Mgeni rasmi na wadhamini watano wanataka majina yao yawe juu.

Jiulize kama kuna mtu atakayekuja kwa sababu ya jina hilo. Kama yupo, jina hilo ndilo mstari wa kwanza, na swali langu la giza liondoke. Kama hayupo, wapeni posti yao wenyewe, ya shukrani, siku nyingine, yenye nembo zote. Nimeona wadhamini wakiipenda zaidi hiyo, maana hawagombanii nafasi na ghorofa ya 2.

Alama reli ngapi?

Moja, ikiwa watu tayari wanaitumia. Vinginevyo hakuna.

Tumeshachapisha, na sasa ukumbi umebadilika. Nifute?

Kama haijasambazwa, ifute na uandike upya. Kama imesambazwa, kufuta hakusaidii, kwa sababu picha za skrini ziko kwenye magrupu tayari. Jibu chini ya posti ya kwanza, kisha toa mpya inayoanza na *UKUMBI UMEBADILIKA*, ukumbi mpya ufuate hapo hapo, na wa zamani utajwe mara moja tu, baada ya neno "si". Siku yenyewe bandika karatasi yenye mshale kwenye mlango wa ukumbi wa zamani, na asimame mtu pale kwa nusu saa ya kwanza.