Neno gani lipigiwe mstari? Kuandaa karatasi ya kusomwa kwa sauti

Anayesimama mbele ya watu kusoma karatasi uliyoiandika wewe haoni ulichokuwa ukikifikiria. Anaona maneno yaliyopangwa mstari baada ya mstari, yote yakiwa na uzito uleule. Atakaza sauti mahali fulani, hilo halikwepeki, na usipomwonyesha ni wapi atachagua mwenyewe. Mara nyingi huchagua neno refu, cheo cha mtu, au neno lililo mwanzoni mwa mstari.

Kazi ya kuandaa matangazo, risala na taarifa za mikutano nimeifanya muda mrefu, na wasomaji wangu wengi hukabidhiwa karatasi dakika chache kabla ya kusimama. Hawana nafasi ya kufanya mazoezi. Alama nilizoweka ndizo zinazowasaidia, zikiwa zimewekwa panapostahili.

Tuchukue tangazo la kawaida kabisa:

"Mkutano wa wanachama uliopangwa kufanyika Jumamosi sasa utafanyika Jumapili, saa nne asubuhi, katika ukumbi uleule."

Mpe mtu kalamu umwambie apigie mstari maneno muhimu. Atapigia "mkutano", "wanachama", "Jumamosi", "Jumapili", "saa nne" na "ukumbi". Ukimuuliza sababu, atakwambia yote ni muhimu, na hakosei. Ila swali la kujiuliza hapa si lipi ni muhimu. Swali ni hili: msikilizaji anajua nini tayari, na kipi bado hajakijua? Anajua kuna mkutano. Anajua saa, anajua ukumbi. Asichokijua ni siku mpya. Kwa hiyo sentensi nzima ina neno moja tu la kupigia mstari, nalo ni "Jumapili".

Je, "Jumamosi" nayo? Wapo wanaopenda kupigia siku zote mbili ili tofauti isikike. Mimi siafiki. Anayesikiliza huku akizungumza na jirani yake hunasa lile neno lililosemwa kwa nguvu, na kama yamesemwa mawili, atarudi nyumbani na lolote kati ya hayo. Siku ya zamani ipite kwa sauti ya kawaida, siku mpya ndiyo ipewe nguvu.

Ukiitazama tena sentensi ile utaona ina kasoro ambayo mstari pekee hauwezi kuiponya. Neno "Jumapili" limekaa katikati, na baada yake kuna mkia mrefu wa saa na ukumbi. Sauti ya msomaji hutua mwishoni, kwenye "ukumbi uleule", na masikio ya watu hutua hapohapo. Kabla ya kugusa kalamu, ni afadhali kuipanga upya:

"Saa ni ileile na ukumbi ni uleule, lakini siku imebadilika. Mkutano wa wanachama hautakuwa tena Jumamosi. Utakuwa / JUMAPILI."

Hapa nimetumia herufi kubwa badala ya mstari ili alama ionekane kwako unayesoma kwenye skrini. Kwenye karatasi ningepiga mstari. Kile kimkwaju kabla ya neno kinamwambia msomaji atulie kidogo, na kwa maoni yangu kina kazi kubwa kuliko mstari wenyewe. Msomaji aliyeambiwa "kaza hapa" hupandisha sauti mpaka akasikika kama anafoka. Akitua kidogo kwanza, neno linalofuata linasikika lenyewe bila kelele.

Siku za juma zina bahati moja. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na katika jumaMOsi na jumaPIli hiyo ndiyo silabi inayozitofautisha. Msomaji akilikaza neno kwa njia ya kawaida, tofauti inasikika yenyewe. Saa hazina bahati hiyo: "saa nne" na "saa nane" hugongana kwenye kipaza sauti kibovu hata ukaze vipi. Hapo usihangaike na mstari. Andika "saa nne asubuhi" au "saa nane mchana", na uhakikishe msomaji haliachi neno la mwisho.

Sasa tuje kwenye kitenzi, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Kitenzi chetu hubeba mambo mengi kwa pamoja: nani, lini, ndiyo au hapana, na anayetendewa. Ukilipigia mstari neno "hawatalipa", umemwambia msomaji akaze nini? Kwamba ni wao na si sisi? Kwamba ni baadaye na si sasa? Kwamba ni hapana? Yeye atakaza pale ulimi wake ulipozoea, yaani "hawataLIpa", na kitakachosikika kwa nguvu ni habari ya kulipa. Lile "ha" la mwanzo, lenye ujumbe wote, litapita kama upepo. Nimewahi kukaa nyuma ya ukumbi nikasikia watu wakiulizana, "Amesema tutalipa au hatutalipa?" Karatasi ilikuwa wazi kabisa kwa aliyeisoma kwa macho.

Unaweza kumwandikia "HAwatalipa" ili akaze mwanzo. Inawezekana, na watu hufanya hivyo wakibishana: "Sikusema ANAlipa, nimesema HAlipi!" Kwenye mabishano inapendeza. Kwenye tangazo inasikika kama ugomvi, na msomaji asiye mzoefu hujikwaa kwa kuwa ulimi wake unakataa. Njia nzuri ni kuutoa ule ukanushi ndani ya kitenzi na kuupa neno lake. "Wanachama hawatalipa ada" ikawa "Wanachama hawatalipa ada YOYOTE", au "HAKUNA mwanachama atakayelipa ada." Sasa kuna neno linaloweza kubeba mstari.

Vivyo hivyo kwa mtendaji. Ukitaka watu wasikie kwamba fedha zinapokewa na mweka hazina peke yake, usipigie mstari sentensi "Mweka hazina atapokea fedha" ukatumaini sauti itamaliza kazi. Andika "Mweka hazina ndiye atakayepokea fedha." Hiyo "ndiye" imekwisha kulikaza jina lililotangulia, na hata msomaji asiye na uhai wowote sautini hawezi kuliharibu. Mstari chini ya "mweka hazina" unabaki kuwa nyongeza tu. Kuna sentensi nyingi ambazo, ukishaziandika hivi, hazihitaji alama yoyote.

Kwenye kupinganisha, alama isikae kwenye "si". Katika "Risiti zipelekwe si kwa mwenyekiti, bali kwa katibu", watu hupigia "si" na "bali" kwa kuwa ndiyo maneno yanayoonyesha upinzani. Matokeo yake msikilizaji anasikia kwamba kuna jambo linakataliwa, asijue ni lipi. Mstari uende kwa "katibu".

Na je, mstari au herufi kubwa? Kwa karatasi ya kusomwa kwa sauti mimi huchagua mstari karibu kila mara. Neno lililoandikwa lote kwa herufi kubwa hupoteza umbo lake, herufi zote zikiwa na kimo kimoja, na jicho linalokimbia hulazimika kupunguza mwendo hapohapo panapotakiwa uhakika. Pia herufi kubwa hufuta tofauti kati ya jina la mtu na neno la kawaida, na sisi tuna majina ya aina hiyo tele. "Tunashukuru kwa NEEMA" ni nani huyo, dada Neema wa kamati ya mapokezi au neema ya Mungu? Ukiandika "Neema" au "neema" na kuweka mstari chini yake, swali halipo. Vifupisho navyo huleta utata, kwa kuwa msomaji akiona neno fupi la herufi kubwa ambalo halifahamu anaweza kuanza kulitamka herufi moja moja.

Mahali pekee ninapozipendelea herufi kubwa ni ndani ya neno, kuonyesha silabi. Neno "barabara" likiwa na maana ya njia husomwa baraBAra, na likiwa na maana ya sawasawa husomwa baRAbara. Sentensi kama "Kazi imefanyika barabara" nikiona msomaji anaweza kuteleza, namwandikia hivyo. Jina la mgeni lenye matamshi yasiyozoeleka nalo hulifanyia hivyohivyo.

Mstari wenyewe uwe chini ya neno moja, ukate kabla ya nafasi. Mstari unaovuka maneno matatu humfanya msomaji ayatamke yote kwa pumzi moja, na mkazo unatawanyika. Ukipiga kwa mkono, uache uwazi kidogo chini ya maandishi ili usikate mikia ya g, j, p na y. Kwenye kompyuta, Ctrl+U inatosha, lakini angalia karatasi itafika kwa njia gani. Ukinakili matini na kuibandika kwenye WhatsApp, mistari yote inapotea, na huko hakuna alama ya kupigia mstari. Kuna herufi nzito, unayoipata kwa kuweka nyota kila upande wa neno. Basi tuma faili lenyewe, au weka nyota, au hapo ukubali herufi kubwa.

Kuhusu idadi, kanuni yangu ni alama moja kwa sentensi, na sentensi nyingi zisiwe na alama kabisa. Ukikuta sentensi moja inadai alama mbili, kwa mfano siku imebadilika na ukumbi umebadilika, ikate iwe mbili. Ukurasa uliojaa mistari msomaji huuona kama ukurasa usio na mstari hata mmoja.

Kupima ni rahisi. Mpe mtu mwingine asome, wewe ugeuke usiione karatasi, na mtu wa tatu asiyejua habari asikilize. Mwulize swali moja: kimebadilika nini? Akijibu "mkutano ni Jumapili", imetosha. Akijibu "kuna mkutano wa wanachama", alama zimekaa pabaya au sentensi imepangwa vibaya, na mara nyingi ni hilo la pili.

Jambo jingine ni tangazo linalosomwa tena juma linalofuata. Watu huchukua karatasi ileile yenye mistari ileile. Kufikia wakati huo siku mpya imekwisha kujulikana, na pengine kinachotakiwa kusikika sasa ni kwamba wanachama waje na vitambulisho. Futa alama za zamani zote, ujiulize upya ni kipi hawakijui, ndipo upige mstari mwingine.