P9 isiyolingana na hati za mshahara: P10 isahihishwe kwanza

Swali: "P9 ya mwaka 2025 niliyopewa kazini haifanani na hati zangu za mshahara. PAYE iliyoandikwa ni ndogo kuliko niliyokatwa. Mhasibu ananiambia nijaze tu hivyo hivyo kwenye iTax. Nitawafanyaje wanitolee nyingine iliyo sahihi?"

Ndugu, usijaze hivyo hivyo, na wala usianze kwa kudai P9 mpya. P9 ni muhtasari tu wa mshahara na kodi yako ya mwaka, anaokupa mwajiri. Taarifa ambayo KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, inaitazama ni P10, yaani ritani ya PAYE ambayo mwajiri huwasilisha kwenye iTax kila mwezi, si zaidi ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukipewa P9 mpya yenye takwimu nzuri na P10 ikaachwa ilivyokuwa, mfumo hautaona mabadiliko yoyote, nawe utarudi palepale. Mimi nilipitia jambo hili hili katika kampuni moja ya Mombasa, kwa mwaka huo huo wa 2025, na nitaeleza nilivyolifuatilia.

Kwanza hakikisha kwamba tofauti unayoiona ni kosa kweli. Zipo tofauti za halali. Posho ya safari ya kikazi iliyo ndani ya kiwango kinachoruhusiwa na sheria (shilingi 2,000 kwa siku hadi Juni 2025, na 10,000 kuanzia Julai 2025) inaweza kuonekana kwenye hati ya mshahara na isionekane kama pato kwenye P9. Kwa upande mwingine, nyumba au gari la kampuni linaweza kuongezwa kwenye P9 hata kama hukupewa senti mkononi. Makato ya chama cha akiba na mkopo hayaingii kwenye P9 kabisa, kwa hiyo usilinganishe P9 na pesa iliyofika benki.

Kinacholinganishwa ni mambo matatu, mwezi kwa mwezi: pato ghafi, kiasi kinachotozwa kodi, na PAYE yenyewe, ambayo iko kwenye safu ya mwisho ya P9. Usitegemee herufi za safu, kwa maana fomu ilibadilishwa baada ya marekebisho ya sheria ya Desemba 2024; soma vichwa vya safu. Ukitazama jumla ya mwaka peke yake utajua kuna upungufu lakini hutajua umetoka wapi, na mhasibu hataki kusikia kwamba "hesabu haziingiani". Anataka kuambiwa ni mwezi gani na ni kiasi gani.

Kwangu miezi kumi na mmoja ililingana hadi senti. Mwezi wa Julai ndio uliokataa. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 80,000, na Julai nililipwa pia shilingi 30,000 za malimbikizo ya marupurupu ya kukaimu. Hati yangu ya mshahara ilionyesha pato ghafi la 110,000, na makato ya NSSF 4,320, bima ya afya ya SHIF 3,025 na ushuru wa nyumba 1,650. Kwa kuwa hayo matatu sasa huondolewa kabla ya kodi kukokotolewa, kiasi kilichotozwa kodi kilikuwa 101,005. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki, kwa pato la kiwango changu, asilimia 30. Jumla ilikuwa 25,084.85, na baada ya kuondoa nafuu ya kila mwezi ya 2,400, PAYE ikawa 22,684.85. Ndivyo nilivyokatwa. P9 nayo iliandika Julai kama mwezi wa kawaida: pato 80,000, PAYE 14,067.35. Tofauti ni shilingi 8,617.50, na ukiichunguza utaona kwamba ni kodi ya yale malimbikizo peke yake, si zaidi wala pungufu.

Hapo ndipo sababu ilipojitokeza. Malimbikizo yalilipwa kupitia orodha ya nyongeza ya mishahara, iliyotayarishwa baada ya orodha kuu ya Julai kufungwa. Hati yangu ya mshahara ilitolewa upya ikiwa na jumla ya vyote viwili, lakini faili la P10 lilichukuliwa kutoka orodha kuu pekee. Hii ni mojawapo ya njia za kawaida ambazo kosa hili huingia. Nyingine ni kampuni kubadilisha programu ya mishahara katikati ya mwaka na miezi ya mwanzo isihamishwe, au PIN ya mfanyakazi kuandikwa vibaya kwenye P10, jambo ambalo huonekana kama mwezi mzima umepotea kwenye iTax ingawa P9 ya karatasi iko sawa.

Kabla ya kulipeleka jambo kwa mhasibu, fungua iTax kwa PIN yako, uanze ritani ya mwaka huo katika `ITR For Employment Income Only`, utazame pato na PAYE ambazo mfumo umekujazia wenyewe kutoka kwa P10. Usiiwasilishe, tazama tu na upige picha ya skrini. Takwimu hizo zikilingana na hati zako za mshahara, basi P10 iko sawa na karatasi ya P9 ndiyo yenye kasoro, na mwajiri anaweza kuichapisha upya siku hiyo hiyo. Zikilingana na P9 mbovu, kama zilivyolingana kwangu, kazi iko kwenye P10.

Tazama pia kama PAYE iliyo kwenye hati yako ya mshahara yenyewe ilikokotolewa sawasawa. Wapo wanaoikokotoa orodha ya nyongeza kama mshahara unaojitegemea, na kuipa tena viwango vya chini na nafuu ya 2,400. Lau wangefanya hivyo kwangu, zile 30,000 zingekatwa 1,181.25 badala ya 8,617.50, na marekebisho yangenifunulia deni langu mwenyewe la shilingi 7,436.25. Deni la namna hiyo halimwangukii mwajiri peke yake, kwa maana pesa zilifika mfukoni mwako. Ni afadhali ulijue kabla ya kuandika barua ya kudai haki.

Sasa barua. Maneno ya mdomo kwenye korido hayakunisaidia. Niliandika barua pepe kwa afisa wa mishahara, nikampa nakala mkuu wa ofisi ya wafanyakazi, nikaambatisha hati ya mshahara ya Julai, ukurasa wa taarifa ya benki unaoonyesha malipo yalivyoingia, P9 na picha ya iTax. Kiini chake kilikuwa hiki:

"Hati yangu ya mshahara ya Julai 2025 inaonyesha pato ghafi la 110,000 na PAYE ya 22,684.85. P9 na P10 zinaonyesha 80,000 na 14,067.35. Pungufu ni pato la 30,000 na PAYE ya 8,617.50. Naomba, kwa utaratibu huu: P10 ya Julai 2025 irekebishwe, kodi iliyopungua ilipwe na nipewe nakala ya uthibitisho wa malipo, kisha nipewe P9 mpya iliyotiwa sahihi na muhuri. Naomba nijibiwe kwa maandishi."

Jibu la kwanza lilikuwa lile lile uliloambiwa wewe: jaza hivyo hivyo, mwezi ulishafungwa. Mwezi haufungwi kwa maana hiyo. iTax ina `File Amended Return` ndani ya menyu ya `Returns`, ambapo mwajiri huchagua PAYE na kipindi husika, akapakia P10 iliyosahihishwa. Na sheria ya taratibu za kodi inaruhusu marekebisho ndani ya miaka mitano. Ukijaza pato pungufu huku ukijua, ritani hiyo ni yako na imebeba PIN yako, si ya mhasibu.

Nilivyoona mimi, kilichomzuia hakikuwa ubishi bali woga wa faini. Kwa hiyo nilimfanyia hesabu. Kuchelewesha malipo ya kodi kuna faini ya asilimia 5, ambayo kwa 8,617.50 ni shilingi 430.88, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, ambayo ni kama shilingi 86. Ushuru wa nyumba wa zile 30,000 ulikuwa shilingi 450 zangu na 450 za mwajiri, na ucheleweshaji wake hutozwa asilimia 3 kwa mwezi, yaani shilingi 27. Mbali na pesa ambazo tayari walikuwa wamenikata, gharama yao kwa KRA haikufika shilingi elfu mbili. Baada ya kuona hivyo aliacha kuzungumza habari za mwezi uliofungwa, akaomba idhini kwa mkubwa wake. Nilimkumbusha pia SHIF, kwa sababu hiyo haipiti kwenye P10, na shilingi 825 zilizokatwa kwenye malimbikizo zilipaswa kupelekwa kando kwa SHA, mamlaka inayosimamia bima hiyo ya afya.

Ikiwa mwajiri wako atanyamaza, una mlango zaidi ya mmoja. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka akupe hati ya mshahara yenye maelezo ya makato, na kile alichokata ni lazima akifikishe kunakohusika; hilo ni jambo la kupeleka kwa afisa wa kazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kudai taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe. Lakini kwa maoni yangu ofisi ya KRA iliyo karibu nawe ndiyo yenye nguvu zaidi hapa, kwa sababu mwajiri aliyekata kodi bila kuiwasilisha anadaiwa na wao, si na wewe. Nenda na hati za mshahara, taarifa ya benki na barua pepe zako zote.

Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, haitakusubiri. Kuchelewesha ritani kwa mtu binafsi ni faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, yoyote iliyo kubwa. Siku zikikaribia kwisha na P10 bado haijaguswa, mimi ningewasilisha kwa pato la kweli na PAYE niliyokatwa kweli, kwa kuwa Sheria ya Kodi ya Mapato inaihesabu kodi iliyokatwa na mwajiri kuwa imelipwa na mfanyakazi. Tegemea kuulizwa, kwa sababu kwenye mfumo PAYE itakuwa bado ni ile pungufu. Ndipo zile karatasi zitakapokutetea.

Na P10 ikisharekebishwa, usiridhike na P9 mpya mkononi. Ingia tena iTax, anza ritani upya ili takwimu zivutwe upya, na utazame kama PAYE ya mwaka imeongezeka kwa kiasi kile kile ulichokiandika kwenye barua. Kwangu iliongezeka kwa 8,617.50 kamili, na hapo ndipo nilipobonyeza kitufe cha kuwasilisha.