Usiku mmoja na karatasi 23: kwa wewe unayeanza ukarani wa kijiji

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ukarani ofisi za vijiji, niwasimulie usiku mmoja tu, maana ndio ulionifundisha kazi kuliko semina zote nilizokaa.

Ilikuwa 2022, ruzuku ya mbolea ndo inaanza, kila mkulima lazima aandikishwe kijijini kwake kwenye daftari ndipo aingizwe kwenye mfumo apate mbolea kwa bei ya ruzuku. Kijiji chetu kipo huku Uporoto, juu ya Isyonje, watu wa viazi mviringo na mahindi. Tulikuwa na vitongoji vinne, kila mwenyekiti wa kitongoji alipewa karatasi akapite nyumba kwa nyumba, na jioni moja wakaniletea zote kwa mpigo, daftari linatakiwa kata kesho yake asubuhi. Zilikuwa karatasi 23. Nyingine zimekaa wiki nzima kwenye mfuko wa koti zimekuwa kama leso, moja imemwagikiwa chai, nyingine zimekunjwa mara nne mpaka mkunjo umekula maandishi.

Kitu cha kwanza, kabla hujanyoosha wala kusoma chochote, zipe karatasi namba. Mimi nilichukua penseli nikaandika kwenye kona, A kitongoji cha kwanza, B cha pili, hivo hivo mpaka D, A1, A2, A3. Ukianza kuzinyoosha kabla ya namba zitachanganyika tu, na karatasi ambayo haina jina la kitongoji juu hutajua tena imetoka kwa nani. Afu kabla wenyeviti hawajaondoka nikamuuliza kila mmoja, mwenyekiti umeandikisha watu wangapi? Wakasema 87, 64, 102 na 59. Nikaandika pembeni, jumla 312. Hii namba usiiache iondoke na mwenyekiti, utaona kazi yake mbele.

Kunyoosha nako kuna namna yake. Ile ya chai ilikuwa bado mbichi, nikaiweka katikati ya magazeti nikaikandamiza na matofali mawili, sikuisugua maana wino wa kalamu ukiwa na maji unatembea. Zile kavu nilizipiga pasi ya mkaa, moto mdogo, juu nimeweka gazeti, pasi haigusi karatasi yenyewe. Saa tatu usiku baridi ya huku imeshashika, nimekaa na jiko la mkaa pembeni na taa ya sola, ndo naanza kuandika.

Sasa hapa ndipo wageni wengi mnapoharibu. Mnachora daftari zuri lenye jina, namba ya NIDA, simu, ekari, zao, basi. Ongeza safu moja ya mwisho, mimi naiita "imetoka wapi". Mkulima wa mstari wa 11 kwenye karatasi ya nne ya kitongoji C naandika C4/11. Inachukua sekunde tatu kwa kila mtu, lakini bila hiyo ukishamaliza una daftari safi ambalo huwezi kulitetea, mtu akikuuliza hii ekari umeitoa wapi unabaki kupekua karatasi zote upya.

Nikaenda hivo, na sheria yangu ilikuwa moja, nisichoweza kusoma sikibahatishi, naacha nafasi naweka alama ya kuuliza kwa penseli. Kuna mahali niliona ekari 212. Huku kwetu mtu mwenye ekari tano ni mkulima mkubwa, 212 haipo. Nikaigeuzia kwenye taa, kumbe ni mbili na nusu, ameandika 2½ na kile kimstari cha katikati kimeliwa na mkunjo. Hata hapo sikuandika moja kwa moja, niliweka 2.5 na alama ya kuuliza, maana mifuko ya mbolea inahesabiwa kutokana na ekari, nikikosea pale nimempa mtu mbolea isiyo yake au nimemnyima.

Namba ya NIDA nayo inasema mambo mengi ukiijua. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku. Kwa hiyo kwanza hesabu, zikiwa 19 kuna moja imeruka. Pili soma tarehe, mimi nilikutana na inayoanza 19681705, mwezi wa 17 haupo, hapo ujue 1 imesomwa 7 au kinyume chake. Unaweza kusema ah itakuwa mwezi wa 11 tu, lakini hapana, weka alama, asubuhi piga simu. Na simu zenyewe hesabu, tarakimu kumi, inaanza na 06 au 07.

Saa nane usiku nikamaliza, nikahesabu mistari. 309. Watatu hawapo. Hapa ndo ile 312 ya wenyeviti iliniokoa, maana ningeamini daftari langu kwa jinsi lilivyopendeza. Nikalinganisha kitongoji kimoja kimoja, A sawa, B wanapungua wawili, C anapungua mmoja, D sawa. Nikarudi karatasi za B, kwenye B3 kona ya chini ilikuwa imejikunja kwa nyuma na kushikana, sijui ni utomvu, nikaifungua taratibu na kisu, mistari miwili iko ndani. Wa C alinisumbua zaidi, mpaka nikaona kwenye C2 mstari mmoja umeandikwa jina la mwanaume afu mbele kwa maandishi madogo "na mke wake", na namba mbili za NIDA zimebanwa juu na chini. Mama ana shamba lake mwenyewe, alihesabiwa na mwenyekiti, mimi nilimmeza. Nikampa mstari wake.

Bado majina yanayojirudia. Nilipata jozi mbili. Ya kwanza, jina moja lipo A na lipo D, tarakimu zote 20 za NIDA zinafanana, huyo ni mtu mmoja ana mashamba sehemu mbili na kila mwenyekiti kamwandika. Sikumfuta na wino wa kufuta, nilipiga mstari mmoja wa rula juu ya ule wa D, nikaandika "angalia A5/3", ekari nikazijumlisha kule A. Wakulima wakawa 311. Jozi ya pili zote ziko C, majina matatu yote sawa sawa, mkono ulikuwa umeshashika rula. Nikatazama NIDA, mmoja anaanza 1947 mwingine 1994. Ni babu na mjukuu, huku kwetu mjukuu kuitwa jina la babu ni kawaida kabisa. Ningeangalia jina tu, mmoja wao angekosa mbolea.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa na alama za kuuliza tisa. Nikazipigia simu, saba zikapatikana, mbili nikaziacha wazi nikaandika "bado", nikafunga zile karatasi 23 kwa kamba kwa mpangilio wa namba zake nikazifungia kabatini.

Kabla sijatoka akaja mzee mmoja mlangoni, amesikia daftari linaenda kata. "Ndaga mwanangu, mimi nimeandikwa kweli?" Nikamkaribisha kiti, nikamtafuta, pembeni pameandikwa C4/11, nikafungua kamba nikamtolea karatasi ya C4 yenyewe nikamwekea kidole kwenye mstari. Akausoma polepole, ekari mbili na nusu. "Ndiyo hii," akasema, nami nikachukua kifutio nikaifuta ile alama ya kuuliza.