Maswali ya wasomaji: kuzidisha kwa safu na visanduku vya rangi

Mwanangu ana miaka minane. Nikimuuliza 3 × 4 anajibu 7. Nianzie wapi? (Mama, Mikindani)

Anajumlisha kwa sababu alama ya × bado haijampa picha yoyote kichwani. Weka daftari kando kwanza. Mpe vizibo 12 vya soda, apange safu ya kulala yenye vizibo 4, kisha ya pili chini yake, kisha ya tatu. Kila kizibo kikae sawasawa chini ya mwenzake, maana safu zikipinda zile za kusimama hazionekani. Aseme kwa sauti: "Safu tatu, kila safu vizibo vinne." Ahesabu 4, 8, 12. Ndipo aandike 4 + 4 + 4 = 12, na chini yake 3 × 4 = 12.

Hapo ataona kwamba 3 inahesabu safu na 4 inahesabu vizibo vya kila safu. Ushike utaratibu huo kila siku: namba ya kwanza ni safu, ya pili ni vilivyomo. Usianze na 2 × 2, kwa sababu hata anayejumlisha atapata 4, nawe hutajua kama ameelewa. Na msimu wa korosho usimpe korosho ghafi azipange badala ya vizibo: ganda likipasuka hutoa mafuta yanayobabua ngozi.

Shuleni hatuna printa. Karatasi ya kupaka rangi niitengeneze vipi? (Mwalimu wa Darasa la Tatu, Nachingwea)

Rula na karatasi moja ya A4 vinatosha, ukishachora utoe kopi. Chora visanduku 10 kwa 10, kila kimoja sentimita 1.5, jumla sentimita 15 kila upande. Visanduku 10 vinahitaji mistari 11, na hapo ndipo wengi hukosea.

Weka nukta nne za kuanzia, kila moja kwenye kona ya juu kushoto ya umbo lake. Safu ya 1, kisanduku cha 1: mtoto apake 6 × 4. Safu hiyohiyo, kisanduku cha 6: 5 × 3. Safu ya 8, kisanduku cha 1: 2 × 5. Safu ya 8, kisanduku cha 7: 3 × 4. Kila umbo liwe na rangi yake, na mtoto aandike hesabu yake pembeni. Maumbo hayo hayagusani, na yote yakiwa sahihi visanduku 39 hubaki vyeupe. Ukisahihisha madaftari mengi, hesabu hiyo ya vyeupe inakuonyesha haraka nani wa kumrudia.

Kwenye 3 × 4 wengine wamepaka visanduku 15, wengine 6. Wanakosea wapi? (Mwalimu, Newala)

Wa 15 amepaka vitatu kwenda chini, halafu akaanza kuhesabu vinne kutoka kisanduku kinachofuata. Kisanduku cha kona ni cha pande zote mbili, kwa hiyo kihesabiwe kwenda chini na kihesabiwe tena kwenda kulia. Mwambie aweke kidole juu ya nukta na kusema "moja" kila anapoanza upande.

Wa 6 mtazame umbo lake kabla ya kumsahihisha. Kama amepaka kingo mbili tu, ukutani na sakafuni mwa umbo, hajajua kwamba kila safu inatakiwa ijae. Mrudishe kwenye vizibo. Kama amepaka safu 2 za visanduku 3, huyo alihesabu mistari badala ya nafasi. Aweke kokoto ndani ya kila kisanduku kabla ya kupaka.

Je, 3 × 4 na 4 × 3 ni kitu kimoja? (Baba, Kilwa Masoko)

Jibu ni moja, mpangilio ni tofauti. Mgeuzie karatasi robo mzunguko: visanduku ni vilevile 12, ila safu sasa ni nne. Mistari 3 ya mikorosho 4 na mistari 4 ya mikorosho 3 ni mashamba mawili, idadi ya miti ni ileile.

Kwenye 6 × 7 bado anahesabu kimoja kimoja hadi 42. Nimsaidieje? (Bibi, Masasi)

Bibi, umbo hilo ligawe kwa rangi mbili. Safu 5 za juu apake kijani, safu 1 ya chini apake njano. Ya kijani ni 5 × 7, naye kuhesabu kwa tano anakuweza: 5, 10, 15, 20, 25, 30, 35, akishuka na kila safu ya kusimama. Ya njano ni 1 × 7, yaani 7. Kisha 35 + 7 = 42. Funika kijani kwa karatasi baada ya kuandika 35, asirudie kukihesabu.

Akileta 36, ameongeza 1 badala ya 7: ameihesabu safu ya njano kama kitu kimoja. Muulize tu, "Ndani ya safu ya njano mna visanduku vingapi?" na umwache avihesabu mwenyewe.